Tairi linapungua upepo kila wiki, lakini pancha haionekani

Mwezi uliopita mama mmoja alirudi katika karakana yetu hapa Kigamboni akiwa amekunja uso, kwa sababu tulimtoza shilingi 15,000 kwa tairi moja la IST yake, ilhali kijana wa pancha wa mtaani kwake humtoza 3,000. Aliamini kwamba ameibiwa. Lakini hizo 3,000 alikuwa ameshazilipa mara tatu, na kila Jumamosi tairi lile lile la nyuma kushoto lilihitaji kujazwa tena.

Alikuwa akilijaza hadi PSI 32, na baada ya wiki geji ilisoma 24. Tairi zima hupoteza PSI 1 au 2 kwa mwezi, kwa hiyo 8 kwa wiki maana yake kuna mahali panapovuja. Vipimo hivyo ni sahihi iwapo tu vimechukuliwa asubuhi kabla gari halijatembea, kwani tairi likipata joto barabarani upepo hupanda na kuficha uvujaji.

Tulianza na valvu. Ukifungua kifuniko na kupaka mate kwenye mdomo wake, pini mbovu hutoa povu dogo linalovimba, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Shina la mpira nalo tunalipinda huku na huku, maana ufa wake hukaa shinani, mahali linapoingia kwenye rimu, na mara nyingi hauvuji mpaka upindwe. Valvu ya mama ilikuwa salama.

Tukafungua gurudumu, tukalijaza hadi PSI 40 na kulizamisha lote kwenye pipa la maji. Tundu la msumari ambalo yule kijana aliliziba kweli mara ya kwanza halikutoa hata povu moja, na tunampongeza kwa hilo. Mara mbili zilizofuata alipaka maji ya sabuni juu ya tairi gurudumu likiwa bado kwenye gari, hakuona kitu, akakaza pini na kujaza upepo. Asingeweza kuona, kwa kuwa uvujaji ulikuwa upande wa ndani unaotazama uvungu wa gari. Sisi wenyewe tulilazimika kuliacha gurudumu litulie majini karibu dakika mbili, ndipo vipovu vidogo kama ufuta vikaanza kupanda kwa mstari wa urefu wa shubiri moja, pale mdomo wa tairi unapokaa juu ya rimu. Tukapaweka alama ya chaki.

Tulipobandua tairi, sababu ilikuwa wazi. Rimu ni ya aloi, mama anaishi karibu na bahari, na chumvi ilikuwa imeila rangi ikavimba na kuacha unga mweupe chini yake. Mdomo wa tairi hauwezi kubana juu ya unga. Tulisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka kidole kikapita bila kukwama, tukafuta mdomo wa tairi, tukapaka gundi nyeusi ya kuzibia kwa wembamba, tukavalisha tairi kwa sabuni na kulijaza mpaka midomo yote miwili ikaingia mahali pake kwa mlio. Likarudi majini, kisha kwenye baransi. Hiyo ndiyo kazi ya 15,000, na ilichukua zaidi ya nusu saa.

Wateja wengi hutuambia, "Fundi, weka tyubu tu, yaishe." Tunakataa, na si kwa kutaka fedha zaidi. Dereva mmoja wa Noah aliwekewa tyubu kwingine, ndani ya tairi la tyublesi lililokuwa na mkia wa kiraka cha zamani. Tyubu ikasuguana na mkia huo mpaka ikatoboka, na upepo wote ukatoka kwa mkupuo kupitia tundu la valvu, tofauti na tyublesi yenye msumari ambayo huweza kukufikisha nyumbani. Alitembelea rimu kabla hajapata mahali pa kusimama. Tulipolifungua tairi tulikuta unga mweusi wa mpira ndani na mikunjo kuzunguka ubavu wote, hali ambayo hatuizibi kwa bei yoyote. Alinunua tairi jipya.

Unga huo huo, japo kidogo, tunaukuta pia kwa wanaoridhika na kujaza kila Jumamosi, kwa sababu kuanzia katikati ya wiki ubavu huwa unakunjwa kupita kiasi.

Mama alirudi baada ya wiki mbili kupima: 32. Tulimweleza bila kumficha kwamba chumvi itaila rimu ile tena, labda baada ya mwaka au miwili, na kwamba ingekuwa imepinda au ina ufa, gundi yetu isingemsaidia kitu. Aliondoka baada ya kutuachia tairi la spea nalo tulizamishe majini.