Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: mkorogo unaonekana kwenye ngozi kabla mgonjwa hajasema

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

Yah: Kutambua madhara ya mkorogo kwenye kliniki za wajawazito na zahanati za Moshi

Salaam. Sisi ni wauguzi na wafamasia tunaohudumia wagonjwa wa ngozi hapa Moshi. Hatukuandikii kuomba msako mwingine wa maduka. Ombi letu ni dogo na halihitaji gari wala askari: muuguzi wa zahanati afundishwe kuangalia sehemu nne za mwili, ajue anachokiona, na ajue la kumwambia aliyekaa mbele yake. Kwa sasa wengi wanaofika kwetu wameshapita mikono mitatu au minne, na kila mkono umewaongezea krimu nyingine.

Tuanze na chupa yenyewe. Mkorogo wa kawaida unaochanganywa saluni ni losheni ya nusu lita, losheni nyingine yenye haidrokwinoni, yaani dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na tyubu za krimu ya klobetasoli, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, kali kuliko karibu zote zinazopakwa. Chukua mama anayeuza ndizi Mbuyuni, aliyechanganyiwa tyubu tatu za gramu 30. Nguvu ya krimu hiyo ni asilimia 0.05, kwa hiyo kila tyubu ina miligramu 15 za dawa, na zote tatu miligramu 45. Mtu mzima akijipaka mwili mzima humaliza gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Akipaka asubuhi na jioni, hata kwa kubana, chupa yake inakwisha ndani ya wiki mbili. Hiyo ni kama miligramu 3 za klobetasoli kwa siku, au 22 hivi kwa wiki.

Muuzaji atasema ameizimua, na kweli ameizimua. Lakini maelekezo ya dawa hiyo yanasema mtu asizidishe gramu 50 za krimu kwa wiki, yaani miligramu 25, asiende zaidi ya wiki mbili mfululizo, na asipake usoni, kwapani wala kinenani. Mama huyu yuko karibu kabisa na kikomo cha mgonjwa mwenye ugonjwa mkali wa ngozi, ila yeye haumwi, anapaka kila mahali, na hana wiki ya kuacha. Isitoshe, gramu 2 tu za krimu isiyochanganywa kwa siku, yaani miligramu 1, zimewahi kutosha kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kazi yake. Yeye anapata mara tatu ya hapo.

Ngozi husimama kwa nyuzi imara zilizo kwenye tabaka la ndani, na steroidi huziamuru chembe zinazozisuka zipumzike. Nyuzi za zamani zinaisha na mpya hazisukwi. Mwanzoni mtumiaji anafurahi: ngozi imelainika, imeng'aa, chunusi zimetulia. Ulaini huo ndio dalili ya kwanza, na hapa ndipo tunapopishana na saluni, maana wao huuita matokeo.

Kukonda kwa ngozi huonekana vizuri mgongoni mwa kiganja na mkono wa mbele, upande wa ndani. Mwambie alegeze mkono, kisha uvute ngozi ya juu ya kiganja kidogo kwa vidole viwili. Ngozi iliyokonda hujikunja vikunyanzi vidogo vidogo kama ganda la kitunguu, na mishipa ya chini yake inaonekana kijani hata kwa mtu mweusi. Muulize kama anapata alama za kuvilia damu asizokumbuka amejigonga wapi. Usoni, tazama mashavuni kwenye mwanga wa dirisha: kuna vimishipa vyembamba kama nyuzi za buibui. Bonyeza juu yake kwa kioo cha gilasi safi. Vimishipa vitafifia, na ukiondoa gilasi vitarudi. Msihangaike kutafuta wekundu, kwa sababu kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hujificha na huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea.

Michirizi ndiyo inayoleta ubishi, kwa sababu kila mama mwenye mtoto anayo na anajua ameipata kwa halali. Tofauti iko mahali, upana na historia. Ya mimba hukaa tumboni, matitini na nyongani, na kwa kawaida ni myembamba. Ya steroidi hupenda mikunjo: mbele ya kwapa, upande wa ndani wa mkono wa juu, ndani ya paja karibu na kinena, nyuma ya goti. Mikunjoni dawa hupenya zaidi kwa sababu ngozi ni nyembamba, ina unyevu na inagusana, kwa hiyo kipimo kilekile kinachoonekana kidogo mgongoni ni kikubwa kwapani. Michirizi hii inaweza kufika upana wa kidole, ikabonyea ukiipitishia ncha ya kidole kama mtaro, na ikiwa mipya huwa na rangi ya zambarau. Binti wa miaka 19 asiyewahi kubeba mimba wala kunenepa ghafla, akiwa na michirizi ya namna hiyo mikononi, hana haja ya vipimo vingi kabla ya kuulizwa anapaka nini. Na aambiwe ukweli: rangi ya zambarau itafifia, lakini mtaro wenyewe haufutiki. Mafuta yanayouzwa ya kuondoa michirizi hayawezi kuzirudisha nyuzi zilizokatika.

Mabaka meusi ni kesi tofauti, na ndiyo tunayoiona ikikosewa kuliko zote. Haya si kazi ya steroidi, ni kazi ya haidrokwinoni iliyopakwa muda mrefu, miezi mingi au miaka, hasa kwa mtu anayeshinda juani kama huyo mama wa sokoni. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi, na kwa muda inafanikiwa. Baadaye, kwa baadhi ya watumiaji, mabaki yenye rangi hujikusanya kwenye tabaka la ndani, chini kabisa ya pale krimu inapofanya kazi yake. Ugonjwa huu ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Kipande cha ngozi kikikatwa na kutazamwa kwenye hadubini, huonekana nyuzi za rangi ya njano na kahawia zilizopinda kama ndizi. (Wanafunzi wa Moshi hawasahau picha hiyo.)

Bila hadubini, mabaka haya yanatambulika hivi. Yanakaa pale jua linapopiga na mifupa inapotokeza: mashavuni juu, pembeni ya paji la uso, taya, nyuma ya shingo. Rangi yake si kahawia tu, ina ukijivu au ubluu kama moshi. Ukipitisha kidole, ngozi ina vipunje vidogo vyeusi, kama ulezi uliomwagwa na kugandia. Mabaka ya mimba au ya vidonge vya uzazi wa mpango ni ya kahawia, laini ukigusa, na hayana vipunje. Gilasi tuliyoitaja hapo juu haitofautishi hapa: ukibonyeza, mabaka ya aina zote mbili hayafifii. Angalia pia vifundo vya vidole, kwani hubaki vyeusi hata uso ukiwa umebadilika kabisa, na mwenye kifundo cheusi na shavu jeupe ameshajibu swali lako.

Kosa ni hili. Mama anaona weusi umerudi, anadhani dawa imeisha nguvu, anaongeza. Akienda dukani anapewa krimu yenye haidrokwinoni zaidi, kwa sababu mbele ya muuzaji baka jeusi ni baka jeusi. Kila kipimo kipya kinalisha kilekile kilicholeta weusi. Hapa hatua ya kwanza ni kuacha haidrokwinoni kabisa na kujikinga na jua kwa kofia, kanga na mafuta ya kinga, ambayo hospitali ya KCMC hutengeneza kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hata hivyo, mabaka hupungua polepole sana, na kwa wengine hayaishi.

Kuna jambo moja ambalo tusingependa zahanati ilikosee kwa nia njema, nalo ni kumwambia mtu aliyepaka steroidi mwili mzima kwa miaka, "acha leo". Ndani ya siku chache hadi wiki mbili uso unawaka, unawasha, unatoka vipele vyenye usaha na kuwa mweusi kuliko mwanzo. Yeye anasema ngozi imekataa, anarudi kwenye chupa, na safari hii hakuambii. Hilo ni la ngozi tu. Tezi za juu ya figo zilizolala miaka mitatu haziamki kwa amri, na mtu aliyeacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kuumwa tumbo na kuanguka presha ikishuka. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na chupa yake aibebe. Asiye na dalili apewe rufaa, apimwe asubuhi mapema kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi hizo, na apunguziwe kwa wiki kadhaa chini ya daktari. Mjamzito anayetegemewa kufanyiwa upasuaji aandikwe kwenye kadi kwamba ametumia steroidi, kwa sababu mwili wake huenda usihimili mshtuko wa upasuaji na mshono wake unaweza kuchelewa kupona.

Kwa hiyo, Mganga Mkuu, tunakuomba kwanza uelekeze kliniki za wajawazito ziongeze ukaguzi wa dakika moja wa sehemu nne: mashavu, vifundo vya vidole, mgongo wa kiganja na kwapa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwepo KCMC tangu 1992, na ni jirani yako. Pili, uwakumbushe wenye maduka ya dawa kwamba steroidi kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa za cheti. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, na dawa chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, na chupa ya saluni iliyochanganya vyote viwili haina lebo ya yeyote, hivyo ukaguzi wa pamoja ndio pekee utakaoikuta.

Tatu ni swali lenyewe. Ukimuuliza mtu, "Unajichubua?" atakujibu hapana na kuvuta mtandio. Muuguzi aseme: "Dada, kliniki ijayo niletee mafuta yote unayopaka, hata yale ya usiku." Wengi huja nayo kwenye mfuko wa rambo, pamoja na tyubu tupu walizopewa na saluni.

Wako katika kazi,
Wauguzi na wafamasia wa huduma za ngozi, Moshi