Kwa nini tunakuomba jina la mji pamoja na msimbo wako wa ramani

Dada mmoja wa Juja alinunua blenda kwenye duka moja la hapa mjini Nairobi, na sisi ndio tulipaswa kuipeleka. Tulimtumia bei ya usafiri. Baada ya dakika mbili simu ikalia.

"Kaka, kutoka mjini hadi Juja ni kushika Thika Road tu. Hii bei yenu ni ya wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Bei tuliyompa ilikuwa karibu mara tatu ya ile inayostahili, na tulipofungua ramani tuliona sababu: hesabu zetu zilikuwa zimemweka mashariki ya mji wa Narok. Msimbo aliotutumia ulikuwa sahihi herufi kwa herufi. Sisi ndio tuliousoma vibaya. Tumemrudishia bei yake, tumerekebisha jedwali letu la kukadiria bei, na tunaandika haya kwa sababu wateja wengi wanatuuliza misimbo hii inafanyaje kazi na kwa nini hatutosheki na zile herufi sita peke yake.

Wengi wenu mnaishi mahali ambapo barabara haina jina wala ploti haina namba. Maelekezo huwa ni "shuka steji, pita kwa mama mboga, geti jeusi lililo mkabala na kanisa la mabati." Mwendesha bodaboda anafika, anakuta mageti meusi matatu, na mama mboga ameshafunga. Ndiyo maana tulianza kuomba msimbo wa Plus Codes, ule unaouona kwenye Google Maps wenye herufi, tarakimu na alama ya kujumlisha katikati. Pini ya WhatsApp nayo ni nzuri, lakini huwezi kuisoma kwa simu wala kuiandika kwa kalamu juu ya kifurushi. Msimbo unaandikika.

Google waliutoa mfumo huu mwaka 2014 na kuuacha wazi kwa yeyote autumie bure. Hakuna ofisi iliyosajili geti lako. Msimbo ni hesabu tupu ya latitudo na longitudo, kwa hiyo simu inaweza kuufungua hata bila bando. Dunia imekatwa vipande vya digrii 20 kwa 20, kila kipande kikakatwa tena mara 20 kwa urefu na mara 20 kwa upana, na hivyo hivyo mpaka raundi ya tano. Kila raundi inaongeza alama mbili: ya kwanza inahesabu kutoka kusini kwenda kaskazini, ya pili kutoka magharibi kwenda mashariki. Mwisho wake ni mraba ambao, kwa huku kwetu karibu na ikweta, una mita 14 hivi kila upande. Msimbo wako kwa hiyo ni kiwanja kidogo, si nukta.

Alama zinazotumika ni 20 tu, na kila moja ina thamani yake kuanzia 0 hadi 19 kwa mpangilio huu:

```
2 3 4 5 6 7 8 9 C F G H J M P Q R V W X
```

Hamna irabu hata moja, wala sifuri, wala moja. Ukiona O, S au B kwenye msimbo, jua mtu ameunakili kwa macho akakosea. Mara nyingi S ilikuwa 5 na B ilikuwa 8. Linalotusumbua zaidi ni G na 6, kwa sababu zote mbili zinakubalika na mfumo hautalalamika.

Sasa turudi Juja. Hatutaandika msimbo wa yule dada hapa. Tumechagua mraba mwingine wa upande huo huo, wenye msimbo mfupi `V2X7+7Q`. Herufi ya kwanza, ya tatu na ya tano ni za kaskazini na kusini: V, X, 7. Zilizobaki, yaani 2, 7 na Q, ni za mashariki na magharibi. Unazidisha thamani ya kila alama kwa ukubwa wa hatua ya raundi yake, yaani digrii moja iliyogawanywa kwa 20, kisha tena kwa 20 kila raundi, halafu unajumlisha:

```
V = 17    17 × 0.05     = 0.85
X = 19    19 × 0.0025   = 0.0475
7 =  5     5 × 0.000125 = 0.000625
jumla                     0.898125

2 =  0     0 × 0.05     = 0
7 =  5     5 × 0.0025   = 0.0125
Q = 15    15 × 0.000125 = 0.001875
jumla                     0.014375
```

Tumepata sehemu ya digrii, lakini hatujui ni ya digrii ipi. Hilo linasemwa na alama nne za mwanzo, ambazo kwenye msimbo mfupi huwa zimekatwa. Msimbo kamili wa mraba huu ni `6GCVV2X7+7Q`. Ile `6GCV` inasema: anza kuhesabu kwenye digrii 2 kusini ya ikweta na digrii 37 mashariki. Kwa hiyo kona ya kusini-magharibi ya mraba iko latitudo -1.101875 na longitudo 37.014375. Ukiongeza nusu ya mraba kila upande unapata katikati yake, na hapo ndipo pini inapochomwa.

Kosa letu lilikuwa kwenye alama hizo nne za mwanzo, ambazo sisi tunaziita kichwa. Karibu wateja wetu wote wako kwenye kipande kinachoanza na `6GCR`: Kayole, Kawangware, Pipeline, Utawala, Kitengela, mpaka Ruiru. Tulipotengeneza jedwali la kukadiria bei tukaona hakuna haja ya kujisumbua, tukaandika hivi:

```
="6GCR"&A2
```

Likafanya kazi miezi na miezi bila tatizo. Lakini `6GCR` inaishia kwenye longitudo 37, na mstari huo unakata Thika Road kati ya Ruiru na Juja. Ukishauvuka, kichwa kinabadilika kuwa `6GCV`. Msimbo wa Juja ukibandikwa kichwa cha `6GCR` unarudi nyuma digrii nzima kwenda magharibi, yaani kilomita 111 hivi, na longitudo inakuwa 36.014. Ndiyo hiyo Narok yetu. Kutoka katikati ya jiji, kwa mstari ulionyooka, jedwali likasoma kilomita 92 badala ya 30. Watu wa Thika, Kamulu na Joska nao wako ng'ambo ya mstari huo, na baadhi yao tunaamini walipata bei za kutisha wakanyamaza tu wakaenda kwingine. Kama ulikuwa mmoja wao, tunakuomba radhi kwa dhati. Tutumie msimbo wako tena.

Njia iliyo sahihi haibandiki kichwa kimoja kwa kila mtu. Inachukua mji uliotajwa, inauazima kichwa chake, halafu inapima: mahali palipopatikana pako ndani ya nusu digrii kutoka mji huo? Kama pamepita, inasogeza digrii moja hadi pawe karibu. Tukianzia Nairobi, longitudo 36.817, ile 36.014 iko mbali kwa digrii 0.8. Hiyo imezidi nusu, basi inasogezwa mashariki na kuwa 37.014, na tumefika Juja. Kumbe hata ukiandika `V2X7+7Q Nairobi` utapatikana. Maktaba ya programu inayotolewa pamoja na mfumo wenyewe hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja, na sasa ndiyo tunayotumia:

```
olc.recoverNearest("V2X7+7Q", -1.286, 36.817)
```

Hapo ndipo jina la mji linapopata umuhimu wake. Kuna muuzaji wa Nakuru ambaye huandika jina la mji wake mwenyewe kwenye kila kifurushi kwa mazoea. Herufi hizi hizi zikiwekewa Nakuru zinatua kilomita 20 na kitu kaskazini ya mji wa Nakuru. Andika mji ulio karibu na anayepokea. Si lazima uwe mtaa wako hasa. Mji wowote mkubwa ulio ndani ya kilomita 50 unatosha.

Tumeongeza na ukaguzi mmoja unaofanywa na mtu. Msimbo ukifunguliwa, tunalinganisha pini na mtaa uliotutajia, na vikiachana kwa zaidi ya kilomita 3 tunakupigia kabla ya kutoka. Msimbo hauna tarakimu ya kujihakiki kama namba za kadi za benki. Ukikosea herufi moja unapata mahali pengine halali kabisa. Ila umbali wa kosa hutuambia herufi iliyokosewa iko wapi. Alama mbili za mwanzo wa msimbo mfupi zinaruka kilomita 5 na nusu kwa kila hatua, mbili zilizo kabla ya alama ya kujumlisha zinaruka mita 278, na mbili za mwisho mita 14. Mtu akiandika `7G` badala ya `7Q`, tunaangukia mita 70 tu upande wa magharibi, na kosa hilo ukaguzi wetu haulikamati. Ni mwendesha pikipiki atakayesimama kwenye geti la jirani.

Ndiyo maana tunapendelea unakili msimbo kwa kugusa badala ya kuuandika. Fungua Google Maps, weka picha ya setilaiti, vuta karibu mpaka uone paa lako, kisha bonyeza na kushikilia kidole juu ya geti mpaka pini nyekundu itokee. Pandisha maelezo yaliyo chini, utaona msimbo pamoja na jina la mji. Uguse, nao utanakiliwa wote.

Usitegemee ile nukta ya bluu inayoonyesha ulipo, hasa ukiwa ndani ya nyumba. Kwenye mitaa ya fleti zilizobanana kama Pipeline, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, na nukta inaweza kuhama mita 20 au 30. Hiyo ni miraba miwili, na pale miraba miwili inatosha kukuhamishia upande wa nyuma wa jengo, kwenye kichochoro kingine kisicho na njia ya kupenya kuja kwako. Ukitaka kujua kama nukta imetulia, soma msimbo wake mara mbili huku umesimama palepale. Herufi za mwisho zikibadilika, iache, uguse geti kwa kidole.

Na jambo moja ambalo msimbo hauwezi kabisa kusema ni ghorofa. Nyumba zote zilizopangana juu ya mraba mmoja zina msimbo mmoja. Kwa hiyo ukituandikia, weka hivi: `V2X7+7Q Juja`, kisha rangi ya geti, ghorofa, na namba ya mlango.