Chupa ya ogaka nyuma ya debe la unga

Mhariri,

Kuna swali ambalo baadhi ya wahudumu wa kliniki za sukari huku Kisumu huliuliza vibaya. Mama yangu aliulizwa hivi: "Hutumii zile za kienyeji, sivyo?" Mzee wa miaka 67 ajibu nini hapo? Akasema hapana.

Nyumbani, nyuma ya debe la unga, kulikuwa na chupa ya soda ya lita 2 yenye maji ya ogaka, yaani shubiri, yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini. Alikunywa kikombe asubuhi na jioni, juu ya vidonge vyake vya metformini na glibenklamidi. Mama wa mitishamba aliyempa naye aliambiwa tu, "Nina sukari." Vidonge havikutajwa.

Siku ya 9 ogaka ikamharisha, akashindwa kula, lakini vidonge akameza. Saa 10 alfajiri nikamkuta amelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Nikamtoboa kidole: 2.4. Ikiwa chini ya 4, sukari imeshuka mno. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, nilimkorogea vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji. Baada ya dakika 15 ikafika 4.6, nikampa uji. Nikadhani yamekwisha.

Saa sita mchana ikashuka tena. Hospitalini ndipo nilipoelezwa kwamba glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, na nguvu yake yaweza kudumu siku nzima. Mwarobaini na shubiri navyo vinaweza kushusha sukari, na hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, maana aliyechemsha nusu saa na aliyechemsha saa 2 hawana dawa moja. Alilazwa na dripu hadi kesho yake.

Alipopata nafuu nilimpeleka kwa wote wawili. Kwa mama wa mitishamba tulibeba pakiti za vidonge. Alizigeuza, akauliza kila kimoja ni cha nini, akasema, "Dada, ungenionyesha hizi nisingekupa ogaka." Kliniki tulipeleka jani lenyewe, kwani jina la Kiluo halimsaidii daktari aliyetoka kwingine.

Safari hii daktari alikuwa mwingine, na aliuliza tofauti: "Mama, nyumbani unatumia nini kingine? Hata chai, hata cha kupaka?" Mama akafungua fundo la leso, akatoa unga wa magoti usio na jina, wa kununua kwenye matatu. Hata mimi sikuujua! Daktari hakufoka. Alisema poda kama hizo wakati mwingine huchanganywa na steroidi, ambazo hupandisha sukari, na kama amezitumia muda mrefu asiache ghafla. Akataka kujua ni tangu lini.

"Tangu Krismasi," mama akasema.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu