Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Steji: Sababu za Kubadilisha Foleni ya Asubuhi

Kwa wenye magari, madereva, makanga na makarani wote wa steji yetu ya Kakamega–Kisumu.

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, waliofika mkutanoni na wale ambao, kama kawaida, walikuwa na shughuli.

Mambo ya kawaida mnayajua, kwa hiyo sitawachosha. Steji ilifagiliwa, taa mbili ziliwekwa upande wa karani, misiba minne tulihudhuria na kuchangia, na ukaguzi wa magari ulipita salama isipokuwa kwa wale ambao mikanda yao ilikuwa ya kuonyesha tu. Tangu enzi za sheria za Michuki mwaka 2004, abiria ni 14 na kila mmoja ana mkanda wake. Sioni kwa nini hadi leo nitumwe kukumbusha jambo hilo. Mfuko ulipokea takriban shilingi laki saba, tukatumia kama laki sita na nusu. Mweka hazina ana vitabu, na anayetaka kuviona aje, ila aje akiwa amelipa ada yake. Magari tisa yana deni la zaidi ya miezi mitatu. Sitataja namba za magari hayo katika barua hii, lakini wenyewe wanajijua, na wengi wao ndio waliopiga kelele zaidi kuhusu jambo ninalotaka kulieleza sasa.

Jambo lenyewe ni foleni ya asubuhi. Nimeitwa mpendelevu, na kuna aliyesema kwenye hoteli ya chai kwamba mwenyekiti amejipangia Jumatatu zake. Mkutano niliouitisha kueleza ulihudhuriwa na wenye magari 11 kati ya 28. Basi naandika.

Kwanza tukumbushane foleni inaanzia wapi na kuishia wapi. Orodha ya namba inahusu raundi ya kwanza tu, hapa Kakamega, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Baada ya hapo hakuna namba tena. Gari likirudi, karani huliandika kwenye kitabu kwa saa lililofika, na aliyetangulia kufika hutangulia kupakia. Kule Kisumu ni hivyohivyo, wana kitabu chao. Kwa nini basi tugombanie raundi moja tu? Kwa sababu raundi hiyo ndiyo inayoamua siku. Magari matano ya kwanza hujazwa na watu wa kazi, wanafunzi na wagonjwa wanaowahi rufaa Kisumu, na hujaa haraka. Yanapita Khayega, Chavakali na Mbale kabla barabara haijachangamka, yanafika Kisumu wakati foleni ya huko bado fupi, yanapakia na kurudi huku asubuhi ikiwa bado asubuhi. Gari la kumi huondoka jua limeshapanda, na likifika Kisumu linakuta wenzake wamejipanga. Jioni mwenye kutangulia amepata tripu moja zaidi, pengine mbili. Hiyo ndiyo nafasi tunayoigawana, nafasi ya watano wa kwanza.

Mpangilio wa zamani ulikuwa wa kusogeza namba moja kila siku, Jumapili ikihesabiwa. Leo kichwani ni 1, kesho 2, keshokutwa 3, na aliyekuwa kichwani anakwenda mkiani. Ulifanya kazi vizuri tulipokuwa magari 26. Mzunguko ulipokwisha, siku ya wiki ilikuwa imebadilika, kwa hiyo aliyeanza Jumatatu safari hii aliangukia Jumamosi safari ijayo, na hakuna aliyekwama. Kisha tukapokea magari mawili tukawa 28. Hapo ndipo tatizo lilipoingia, na hamkuliona kwa sababu liliingia bila makelele.

Siku 28 ni wiki nne kamili. Namba 1 ikiwa kichwani Jumatatu, itarudi kichwani Jumatatu, milele. Fuateni kwa vidole. Gari namba 7 liliingia katika watano wa kwanza kuanzia Jumatano hadi Jumapili, likarudi mkiani, na wiki nne baadaye likarudi tena Jumatano hadi Jumapili. Namba 6 ilipata Jumanne hadi Jumamosi. Hawa hawakuonja Jumatatu hata mara moja, na wenzao walikuwa 13 na 14, 20 na 21, 27 na 28. Magari manane! Dereva wa mojawapo alifukuzwa na tajiri wake kwa madai kwamba haleti hesabu ya Jumatatu kama wenzake. Hakuwa mwizi, ni kalenda iliyomwibia. Na tatizo la pili la mpangilio ule mnalijua: ukiingia katika watano unakaa humo siku tano mfululizo, halafu unakaa siku 23 nje. Wenye mikopo ya gari walikuwa wakija kwangu kila mwezi na hadithi ileile.

Sasa mpangilio mpya. Jumapili tumeiondoa kwenye orodha. Anayetaka kufanya kazi Jumapili anaandikwa kadiri anavyofika. Siku sita zilizobaki tunaruka namba tano badala ya moja. Jumatatu ya kwanza walitangulia 1 hadi 5, Jumanne 6 hadi 10, Jumatano 11 hadi 15, Alhamisi 16 hadi 20, Ijumaa 21 hadi 25, na Jumamosi 26, 27, 28 kisha 1 na 2. Jumatatu iliyofuata wakaanza 3 hadi 7. Kwa hiyo kila gari linaingia katika watano wa kwanza takriban mara moja kwa wiki, na hakuna anayekaa nje mwezi mzima.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu waliona 3, 4 na 5 wamepata Jumatatu mbili zikifuatana, kisha 5 ikapata na ya tatu. Gari namba 5 ni langu. Namba tulizipiga kura kofiani mbele ya wote, kabla hata wazo la mpangilio huu halijanijia, na karatasi yangu ilifunuliwa na katibu, si mimi. Lakini hata tuyaache ya kura. Chini ya mpangilio wa zamani, hiyo namba 5 ilikuwa ikiingia katika watano wa kwanza Jumatatu hadi Ijumaa, kila mzunguko, bila kuguswa na Jumapili. Hakuna gari lingine katika foleni lililokaa vizuri kuliko langu, isipokuwa 12, 19 na 26. Ningekuwa na tamaa ningenyamaza. Mimi ndiye niliyevunja kiti nilichokuwa nimekalia, na sijasikia hata mmoja akisema asante.

Kuhusu Jumatatu tatu: kila wiki kichwa cha Jumatatu kinasogea namba mbili. Wiki ya kwanza kilianza na 1, ya pili 3, ya tatu 5, ya nne 7. Ndani ya wiki 14 kila gari limepita. Ni kweli kwamba namba witiri zinapata Jumatatu tatu na namba shufwa zinapata mbili. Lakini Jumanne ni kinyume, shufwa tatu na witiri mbili. Jumatano witiri, Alhamisi shufwa, Ijumaa witiri, Jumamosi shufwa. Ukijumlisha wiki 14, kila gari, liwe la nani, limekuwa katika watano wa kwanza mara 15. Nimemwachia karani orodha yote imeandikwa kwa mkono, ya siku zote 84, mhesabu wenyewe.

Mwenye gari namba 8 alisimama akasema Jumatatu na Ijumaa ndizo siku za pesa na zote mbili zimeelemea witiri. Hoja hiyo naikubali, tofauti na matusi. Kamati inapendekeza wiki 14 zikiisha mzunguko uanze na namba 2 kichwani badala ya 1. Hapo Jumatatu na Ijumaa zitaelemea shufwa, na mzunguko wa tatu turudi.

Gari likiwa gereji, namba yake haisogei. Aliye nyuma yake anapanda nafasi moja kwa siku hiyo tu. Mwenzetu aliyekaa gereji wiki mbili anataka afidiwe asubuhi alizopoteza. Nimekataa na nitaendelea kukataa, kwa maana kumlipa ni kumsogeza mtu mwingine, na huyo naye atadai kesho, na orodha itakuwa si orodha. Dereva aliyechelewa zamu yake anangojea magari mawili yapite. Yakipita hajaonekana, anakwenda mkiani. Kuuza nafasi ni marufuku. Na wale wanaojaza gari kwa abiria bandia, karani sasa anawatambua: hawana mzigo, hawaulizi nauli, na abiria wa kweli akiingia mmoja wao anashuka. Ukikamatwa unapoteza raundi hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni wanaopakia nje ya steji, pale kwenye kituo cha mafuta, huku mwenzao akiwa na abiria sita anasubiri. Foleni yoyote duniani, iwe ya kuruka moja au tano, haina maana abiria wakiokotwa mita mia mbili kabla ya kuifikia. Hilo si suala la hesabu, na sina namna ya kulimaliza peke yangu kama wenye magari mnawasifu madereva hao jioni wakileta pesa nyingi.

Kuna maombi ya magari mawili mapya. Mkumbuke kwamba kanuni za 2014 zinataka chama kiwe na magari yasiyopungua 30, na sisi hilo tunalitimiza pamoja na wenzetu wa barabara nyingine, si kwa steji hii peke yake, kwa hiyo hatuna haraka. Tukiwa 30 hapa, kuruka tano kutaharibika kabisa: siku sita mara tano ni 30, na 1 hadi 5 watamiliki Jumatatu kama mali ya urithi. Tutalazimika kutafuta mruko mwingine. Nimewaambia waombaji wasubiri, na wakiingia tutakaa tuone.

Mengine, kama paa la abiria na choo, tunatumaini mwaka ujao Mungu akijalia na ada ikilipwa.

Jumatatu ijayo ni wiki ya 12. Watakaotangulia ni 23, 24, 25, 26 na 27. Wafike saa kumi na nusu.

Wenu,
Mwenyekiti wa Steji, Kakamega