Kivinjari kinaposema anwani ya seva haikupatikana

Asubuhi moja mteja wetu mwenye duka la vitenge Kariakoo, ambaye tovuti yake iko kwenye seva yetu, alitupigia simu akilalamika kwamba tovuti haifunguki na seva imezima. Tulimwomba atusomee maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kosa, naye akasoma `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`. Maana yake ni kwamba kivinjari chake kilikuwa hakijafika kwetu hata kubisha hodi.

Kabla ya kufungua tovuti, kivinjari huiuliza seva ya DNS, ambayo kwa kawaida ni ya mtoa huduma wako wa intaneti, jina hilo lina anwani gani ya namba. Mteja wetu alijibiwa kwamba jina hilo halipo. Seva ya tovuti ingekuwa imezima, jina lingepata namba yake kama kawaida, na kosa lingesomeka `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` au `ERR_CONNECTION_REFUSED`.

Tulimwelekeza afungue Command Prompt kwenye kompyuta ya dukani na aandike mistari miwili, akiweka jina la tovuti yake:

```
nslookup tovutiyako.co.tz
nslookup tovutiyako.co.tz 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza, unaouliza seva ya DNS ya kawaida, ulileta `Non-existent domain`. Wa pili, unaouliza seva ya Google, ulileta namba sahihi. Simu ya kijana wake, iliyotumia bando la mtandao mwingine, ilifungua tovuti bila shida.

Chanzo kilikuwa domeni iliyokwisha muda, ambayo alikuwa ameilipia asubuhi hiyohiyo. Katika muda ule ambao jina lilikuwa limeondolewa, seva ya DNS ya mtoa huduma wake iliuliza, ikaambiwa halipo, na ikalihifadhi jibu hilo. Wengi wanajua kwamba DNS hukumbuka anwani, lakini wachache wanajua kwamba hukumbuka pia jibu la “halipo”, pengine kwa saa kadhaa. Amri ya `ipconfig /flushdns` haikumsaidia, kwa sababu husafisha kumbukumbu ya kompyuta tu, ilhali jibu la zamani lilikuwa kwa mtoa huduma. Aliweka 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, akaendelea na kazi. Mchana seva ya DNS ya mtoa huduma nayo ikaanza kujibu sawasawa.

Kama mistari yote miwili inasema jina halipo, hakiki herufi ulizoandika, kisha tarehe ya mwisho ya domeni yako. Ikiwa imekwisha muda, barua pepe za domeni hiyo nazo zitakuwa zimeacha kuingia. Na kama yote miwili inaleta namba ile tuliyokupa, lakini ukurasa haufunguki hata kwa bando la simu, basi tatizo huenda liko kwetu, na hapo tupigie mara moja.