Gamba chini ya ngazi

Lamu, Jumanne usiku

Swabra wangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Watoto? Mama goti lake? Sisi wazima, alhamdulillah. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Zuhura, nisamehe, lakini leo lazima nikuandikie.

Jumamosi asubuhi nilishuka kuchukua mchele. Chini ya ngazi, nyuma ya sanduku la bibi, nikakuta gamba la nyoka limelala ukutani. Laini, bado na unyevu kidogo, wala halijaanza kukatika kama karatasi kavu. Basi si la mwezi uliopita. Mama mkwe akafukiza ubani nyumba nzima. Abdalla akaenda kutafuta saruji na mafuta ya taa, na tangu siku hiyo watoto wanalala juu ya kitanda chetu.

Nikalipima kwa utepe wa cherehani: sentimita 112. Abdalla alipoisikia namba hiyo akasema nyoka huyo mrefu kuliko mtoto wetu. Nikamweleza kwamba gamba hutanda. Vigamba vimepandana kama makuti ya paa, na nyoka anapojivua, ngozi iliyokunjika kati yao nayo hunyooka. Kwa hiyo hulizidi umbo lake kwa kama sehemu moja ya tano, wakati mwingine zaidi. Huyu wetu nakisia ana sentimita 90 na kitu. Hakuniamini.

Halafu nikahesabu safu, na hapo Swabra nilitetemeka. Nilianzia karibu na mkia, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kumetandika vizuri. Nikatoka kipande kipana cha tumboni, nikapanda mshazari juu ya mgongo, nikashuka upande wa pili: 21. Nikaona mbele yangu yule fira mkubwa mtema mate wa Watamu, aliyetambuliwa rasmi 2007 akapewa jina la marehemu James Ashe. Namba ile inamfaa kabisa. Nilikaa kwenye ngazi dakika nyingi kabla ya kukumbuka ulivyonikaripia siku ile tulipokuwa Watamu: safu huhesabiwa katikati ya mwili, maana mkiani hupungua. Nikarudia katikati mara tatu. 29, kila mara 29.

Kwa 29 fira yule ametoka, na koboko pia, maana yeye ni 23 au 25. Kifutu anaweza kufika huko, lakini kila kigamba chake kina mstari uliosimama katikati kama mkuku wa dau, na hivi vyangu ni vilaini, kidole kinateleza. Tena kifutu kichwa chake kimejaa vigamba vidogovidogo. Hiki kina vipande vikubwa vya mpangilio.

Kichwa kimechanika upande mmoja, ila upande mzima nimeuangalia juani kwa kioo cha kukuzia. Kati ya kigamba cha pua na kile kilicho mbele ya jicho kuna kingine kidogo, peke yake. Fira na koboko hawana hicho, kwao viwili hivyo hugusana. Na kuna mistari miwili myembamba, hafifu sana, mmoja ukitoka puani kupita jichoni. Kwangu huyu ni yule nyoka wa kahawia wa majumbani, asiye na sumu, anayewanyonga panya. Kwa urefu huo labda ni jike, maana madume yao ni mafupi. Na panya wa ghala letu unawajua.

Abdalla anataka kuziba tundu leo leo. Gamba lilikuwa limegeuzwa ndani nje, kama soksi, na ncha ya mkia ilielekea kwenye ufa ulio nyuma ya kidaka. Mkia ndio unaotoka mwisho, kwa hiyo huko ndiko alikokwenda. Akiliziba tutamfungia ndani ya ukuta wa matumbawe, afie humo. Nami siwezi kumwapia kwamba hakuna mwingine, maana gamba moja ni habari ya nyoka mmoja tu. Lakini kumwagia mafuta ya taa mla panya, hilo linaniuma.

Nimemkabidhi Bwanaheri kile kipande cha kichwa ndani ya kopo la maziwa, kimefungwa pamba. Atafika Malindi Alhamisi. Kitazame kwanza kabla ya lolote. Je, unakiona kile kigamba kidogo, au ni mkunjo nimeutaka uwe kigamba? Mistari ile unaiona? Na kama nimekosea, utanipigia siku hiyohiyo, hata usiku? Kama sijakosea, utazungumza na Abdalla wewe mwenyewe? Wewe anakusikiliza. Na Khadija, ameshajifungua?

Wako,
Mwanaisha