Mume wangu hataki kubadilisha fomu ya sacco, nimwambieje?

Anti habari. Niko Nakuru, mume wangu anafanya kazi kiwandani, na kuna kitu inaninyima usingizi. Fomu yake ya sacco, ile ya kusema nani alipwe akifa, alijaza 2011 kabla tuoane, akaandika mamake asilimia 100. Mama alifariki 2019 na jina lake bado liko pale. Nilienda kuulizia, karani akaniambia mtu aliyeandikwa akishakufa na hakuna mwingine, wenye kudai watatumwa korti.

Hiyo korti naijua kupitia dada yangu wa Kisumu. Shemeji alipofariki, sacco haikusumbua kabisa juu alikuwa amemwandika dada asilimia 70 na mamake 30, wakapeleka cheti cha kifo na vitambulisho, wakalipwa bila jaji. Shida ilikuwa pesa za benki. Dada alikuwa ameandikwa kwa akaunti kama jamaa wa karibu akadhani hiyo inatosha, kumbe hilo jina ni la kupigiwa simu tu, halimpi mtu pesa. Ikabidi atafute barua ya chifu yenye majina ya watoto wote, afungue kesi ya mirathi, itangazwe kwa gazeti la serikali na watu wangoje siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Akapata hati ya usimamizi, na bado kwa kawaida ni miezi sita kabla korti ithibitishe nani anapata nini. Watoto nao fees inadaiwa na babao ameacha pesa, inauma sana.

Sasa nikimwambia mzee wangu twende ajaze fomu mpya, ni ukurasa mmoja tu, majina, namba ya kitambulisho, asilimia zifike 100, sahihi na shahidi, ananiambia naita kifo. Juzi akaniuliza kwani nina haraka gani. Nikanyamaza.

Naomba unisaidie na wasomaji pia. Kwanza, nimwanzie wapi ndio asione natafuta pesa zake? Nimefikiria nianze na fomu zangu za chama na bima, nimwandike yeye, halafu nimwonyeshe. Pili, watoto wetu wana miaka 13 na 9, hawawezi kupokea wenyewe, sasa aandike mimi kwa niaba yao ama ndugu yake tunayeaminiana, ama sisi wote wawili? Ndugu huyo ndiye mume wangu amesomesha na sitaki aone nimemtoa. Tatu ni penshoni ya kazini, hiyo fomu sijui hata alimwandika nani, na nimeambiwa hiyo haiingii kwa mirathi, matrasti ndio hulipa wakiangalia wale aliowaandika na kanuni za skimu. Kuna mtu ameshawahi kulipwa hivyo? Walitaka makaratasi gani?

Mama wawili, Nakuru